UZI: Grafu ya uwiano wa kinyume haigusi mihimili. Kwa nini hasa, na mkia wake unachorwaje?

Baba Tausi
Wakuu habari za jioni. Dogo wangu yupo kidato cha tatu, kaleta zoezi la kuchora grafu ya `y = 12/x`. Jedwali kalijaza vizuri, nukta zote zipo mahali pake, ila kakatwa alama mbili na pembeni kumeandikwa kwa wino mwekundu "mkunjo usiguse mhimili". Yeye alipofika kwenye nukta ya mwisho (12, 1) akaushusha mkunjo taratibu mpaka ukalala juu ya mhimili wa x penye 14 hivi. Kule juu nako kaupeleka ukajibana na mhimili wa y.

Nimemwuliza mwalimu wake, akaniambia ndiyo kanuni. Sasa kanuni bila sababu mimi hainiingii. Kama namba inapungua na kupungua, mwisho wake si sifuri? Na hata isipokuwa sifuri kabisa, kwenye karatasi ya grafu nani ataiona tofauti? Naombeni wenye ujuzi mnieleweshe kwa lugha ya kawaida.

Kalamu Nyekundu
Mkuu, jibu ni fupi: ile ni asimptoti. Asimptoti ni mstari ambao grafu inausogelea bila kuukata kamwe. Itaugusa kule kwenye infiniti tu. Dogo akariri hivyo, mtihani utapita.

Fundi Bomba
Naomba kutofautiana. Mimi nafunga matangi ya maji. Tangi la lita 1,000 likitoa lita 100 kwa saa, muda unaongezeka, maji yanapungua. Si ndiyo kinyume hicho? Na baada ya saa 10 tangi linakuwa tupu, sifuri kabisa, hakuna cha asimptoti wala nini. Hao walimu wanachora grafu za kwenye vitabu tu.

Mzee wa Chaki
Fundi, umeleta mfano mzuri ila si wa uwiano wa kinyume. Angalia tangi lako mwenyewe. Baada ya saa 2 zimebaki lita 800. Ongeza muda mara mbili, yaani saa 4. Ingekuwa uwiano wa kinyume, maji yangebaki nusu ya 800, lita 400. Lakini zimebaki 600. Kwako kinachotokea ni kutoa: kila saa unaondoa kiasi kilekile, na grafu yake ni mstari mnyoofu unaoteremka hadi kukata mhimili. Kimoja kupanda na kingine kushuka hakutoshi. Katika uwiano wa kinyume, ukizidisha kimoja mara mbili kingine kinabaki nusu, ukizidisha mara tatu kinabaki theluthi, na ukivizidisha vyote viwili pamoja jibu halibadiliki.

Kwenye kazi yako huohuo uwiano upo, ila mahali pengine. Chukua tangi tupu la lita 1,000 na pampu. Pampu ya lita 50 kwa saa inajaza kwa saa 20, ya lita 100 kwa saa 10, ya lita 200 kwa saa 5. Zidisha kila jozi, unapata 1,000. Sasa niambie, pampu ya kasi gani italijaza kwa saa sifuri? Na pampu isiyosukuma kitu italijaza kwa saa ngapi?

Fundi Bomba
Isiyosukuma haijazi milele. Na ya saa sifuri haipo, hata ulete ya zimamoto. Sawa, nimekupata mzee.

Mzee wa Chaki
Basi umeshajibu nusu ya swali la Baba Tausi. Nirudi kwake.

Ndugu yangu, hapo yamechanganyika mambo mawili, na kila moja lina sababu yake. La kwanza ni kwamba mkunjo haugusi. La pili ni kwamba unasogea karibu kadiri utakavyo. Watu wengi hulichukua moja wakadhani wameshapata na la pili.

Kutogusa ni rahisi. Kila nukta juu ya mkunjo huu, ukizidisha x yake kwa y yake, lazima upate 12. Nukta iliyo juu ya mhimili wa x ina y sifuri. Tafuta namba yoyote duniani, izidishe kwa sifuri, upate 12. Hakuna. Iwe milioni, iwe bilioni, jibu ni sifuri. Kwa hiyo hakuna nukta hata moja ya mkunjo iliyoko kwenye mhimili ule, na kwa mhimili wa y hoja ni ileile. Sababu haihusiani na umbali. Hata "kule kwenye infiniti" hapasaidii, maana infiniti si mahali penye nukta ya kuweka kalamu.

Kusogea karibu kunataka hoja nyingine. Wewe nipe pengo, mimi nitakupa x. Ukisema unataka mkunjo uwe chini ya kimo cha 0.1, nakwambia pita x = 120. Ukisema 0.01, nakwambia pita 1,200. Pengo lolote utakalotaja, nagawa 12 kwa hilo pengo, na kuanzia hapo kwenda kulia mkunjo uko chini yake daima.

Na swali lako kwamba kinachopungua lazima kifike sifuri: chora `y = 1 + 12/x`. Inapungua bila kukoma vilevile, lakini haishuki chini ya 1 hata siku moja. Kupungua milele hakukuambii unakoelekea.

Baba Tausi
Mzee, ya kwanza imeniingia safi kabisa. Ya pili naendelea kuitafuna. Lakini lile la karatasi je? Penseli ina unene. Dogo anasema "baba, kwenye karatasi inaonekana imegusa".

Mzee wa Chaki
Hapo ndipo dogo anapokosea kwa rula. Tupime. Tuseme katumia sentimita 1 kwa kila 1 kwenye mihimili yote miwili. Penye x = 14, alipolaza mkunjo, y ni 12 kugawa kwa 14, yaani 0.857. Hiyo ni karibu milimita 9 juu ya mhimili. Milimita 9 unaziona bila miwani. Hata akifika ukingo wa karatasi, sentimita 20, mkunjo uko milimita 6 juu.

Ili pengo lifikie unene wa mstari wa penseli, tuseme nusu milimita, inabidi aende hadi x = 240. Hiyo ni mita 2 na sentimita 40 kutoka kwenye kona. Karatasi yake itatoka mezani, ipite mlangoni. Kwa hiyo kwa kipimo hicho hana ruhusa ya kugusa hata kwa kisingizio cha penseli.

Skeli ikibadilika, namba hizi zinabadilika. Akitumia sentimita 1 kwa kila 10 kwenye mhimili wa y, mkia utabanwa chini sana na kweli utaonekana umelala. Hapo afanye hesabu ya nukta moja au mbili za ziada kwenye mkia, azipige, kisha apitishe mkunjo juu yake.

Nyakato B
Samahani naingilia. Mimi nafundisha tuisheni na huwa naona kosa hilihili, chanzo chake nadhani ni jedwali. Watoto wanaweka x = 1, 2, 3, 4, 6, 12 kwa sababu zinagawanya 12 vizuri. Baada ya hapo hawana nukta, wanabuni mkia. Kule juu ni mbaya zaidi, kutoka 1 kurudi nyuma hawana kitu kabisa. Wapo wanaojaza x = 0 na y = 0 ili jedwali lisiwe na tundu, basi mkunjo unapanda hadi 12 halafu unajitupa kwenye kona kama uliopigwa risasi.

Na wapo wanaounganisha nukta kwa rula. Kati ya (1, 12) na (2, 6) rula itakupa y = 9 penye x = 1.5. Jibu halisi ni 8. Mkunjo umebonyea kuelekea kwenye kona, rula daima inapita juu yake.

Kalamu Nyekundu
Mnarefusha tu. Nilishasema, asimptoti haikatwi. Ndiyo maana yake, basi.

Mwanamaji wa Tanga
Kalamu, kwa `y = 12/x` uko sahihi. Kwa asimptoti zote, hapana. Chora `y = sin(x)/x` kwenye simu yako. Ni wimbi linalozidi kunywea kadiri unavyokwenda kulia, na mhimili wa x ni asimptoti yake, lakini linaukata mhimili huo tena na tena bila mwisho. Kitu kinachotakiwa ili mstari uitwe asimptoti ni pengo kunywea kuelekea sifuri. Kukatana au kutokukatana ni habari ya mkunjo wenyewe. Huu wa dogo haukati kwa ile sababu ya Mzee, kwamba huwezi kuzidisha kwa sifuri ukapata 12.

Mimi napenda kuwaonyesha watu kitu kingine kwenye mkia. Weka rula iguse mkunjo penye (12, 1), ifuate mwelekeo wa mkunjo hapo hapo. Rula itakata mhimili wa x penye 24. Hapo mtoto anasema "naona, itagusa kwenye 24". Haya, nenda 24 ukaangalie. Mkunjo uko kwenye kimo cha 0.5. Weka rula tena hapo, sasa inalenga 48. Nenda 48, mkunjo uko 0.25 na rula inalenga 96. Kila unapofika, mahali unapolengwa pameshahama mara mbili ya umbali uliotembea. Ni hivyo kwa kila nukta ya mkunjo: rula inayogusa penye x = a inakata mhimili penye 2a. Mkunjo unalegeza mteremko wake kwa kiasi ambacho haufiki unakoelekea.

Baba Tausi
Hii ya rula ndiyo iliyonimaliza. Nimejaribu na dogo sasa hivi mezani, kwenye (4, 3) rula imekata penye 8. Kwenye (6, 2) imekata 12, kasoro kidogo tu ya mkono.

Juma Kiwambo
Swali la pembeni. Nimechora `y = 12/x` kwenye simu zikatokea pinde mbili, moja kulia juu, nyingine kushoto chini. Halafu kwenye programu moja ya zamani kuna mstari umesimama wima katikati umeziunganisha. Ipi ni sahihi?

Mwanamaji wa Tanga
Pinde mbili ni sahihi. Namba hasi nazo zinazidishana kupata 12, mfano -3 na -4, ndiyo lile tawi la chini kushoto. Kwenye maswali ya pampu na mafundi hatulichori kwa sababu hakuna pampu ya kasi hasi.

Ule mstari wa wima ni uongo wa programu. Inakokotoa nukta nyingi zilizo karibukaribu na kuziunganisha, haijui kuna tundu katikati. Inaona hivi:

```
x = -0.01    y = -1200
x =  0.01    y =  1200
```

Inavuta mstari kutoka ya kwanza hadi ya pili, na mstari huo unapita palepale ambapo hapana nukta hata moja. Ukiweka `=12/A2` kwenye Excel na A2 ikawa 0, utaona `#DIV/0!`. Hilo ni jibu la kweli, usiende kulifuta ukaandika sifuri kwa mkono.

Binti Pangani
Mimi nina kesi yangu. Tunakodi Kosta kwenda harusini, bei ni shilingi 240,000 kwa siku, tunachangiana sawa. Tukiwa 20 kila mtu 12,000, tukiwa 24 ni 10,000, tukiwa 30 ni 8,000. Hii ni uwiano wa kinyume kabisa. Lakini nikiichora napata nukta tu, maana hakuna abiria 20 na nusu. Sasa naruhusiwa kupitisha mkunjo? Na mkia wangu unaishia penye idadi ya viti, kwa hiyo habari ya kusogelea mhimili kwangu haipo.

Nyakato B
Pitisha mkunjo mwembamba wa vitone, nukta zako ziwe kubwa juu yake. Mkunjo unasaidia macho kuona sura.

Mzee wa Chaki
Mimi sikubaliani. Kama idadi ni ya watu, nukta zibaki nukta. Ukipitisha mkunjo, mtu atasoma bei ya abiria 22 na robo. Ila la mkia umesema kweli, Binti. Maisha yanaukata mkunjo pande zote mbili: kushoto unaanzia abiria 1 anayelipa 240,000 yote, kulia unaishia kwenye kiti cha mwisho. Kusogelea mhimili bila kikomo ni tabia ya `y = k/x`, na Kosta imeazima kipande chake tu.

Nyakato B
Kwenye mitihani nimeona zote mbili zikipewa alama, mzee. Tuliache hilo.

Kiboko ya Maabara
Nimechelewa lakini naomba niongeze la vipimo, maana nyie mna namba zilizopangwa. Kwenye maabara nukta haziji nzuri hivyo, na mkunjo wowote unaoshuka na kujipinda unafanana na huu. Utajuaje kama ni huu kweli?

Usihukumu kwa macho. Zidisha. Robert Boyle mwaka 1662 alichapisha jedwali la hewa aliyoifungia kwenye mrija wa kioo uliopindwa, akawa anaongeza zebaki kuibana. Hewa ikichukua nafasi ya alama 48, mgandamizo ulikuwa inchi 29 na 2/16 za zebaki. Ikibanwa hadi 24, ukawa inchi 58 na 13/16. Hadi 12, inchi 117 na 9/16. Zidisha kila jozi: 1,398, kisha 1,411.5, kisha 1,410.75. Hazilingani kabisa, lakini zinapishana kwa karibu 1 katika 100. Hapo unaweza kusema ni uwiano wa kinyume. Zingekuwa zinapanda au kushuka mfululizo kwa kiasi kikubwa, ungetafuta kanuni nyingine.

Njia ya pili ni kuchora y dhidi ya 1/x badala ya x. Kama ni uwiano wa kinyume, mkunjo unanyooka na kuwa mstari unaoelekea kwenye kona ya 0. Macho ya mtu yanajua kutambua mstari mnyoofu, kujua mkunjo halisi hayawezi.

Na hewa nayo inaishia njiani. Ukizidi kuibana vipimo vinaanza kuiacha kanuni, maana chembe zake zenyewe zinahitaji nafasi. Hakuna aliyewahi kuibana ikawa na ujazo sifuri.

Juma Kiwambo
Mbona wengine huuita haipabola? Si ile ya kukata koni?

Mwanamaji wa Tanga
Ndiyo hiyohiyo, imelazwa kiupande tu, na ina bahati kwamba asimptoti zake zinakutana kwa pembe mraba, ndiyo maana zinaangukia kwenye mihimili. Kama huamini, jaribu na `xy = 2`, namba zake zinatoka vizuri. Weka msumari mmoja penye (2, 2) na mwingine penye (-2, -2). Haipabola ni nukta zote ambazo umbali wake hadi msumari mmoja ukitoa umbali hadi mwingine unabaki uleule.

Chukua nukta (1, 2). Hadi msumari wa juu ni 1, hadi wa chini ni 5, tofauti 4. Chukua (4, 0.5). Hadi wa juu ni 2.5, hadi wa chini 6.5, tofauti 4 tena. Chukua yoyote nyingine kwenye tawi hilo, tumia Pithagora, utapata 4. Kwa `xy = 12` misumari inakaa penye mzizi wa 24, kama 4.9 kwa 4.9, namba mbaya tu lakini jambo ni lilelile.

Kalamu Nyekundu
Hiyo ya misumari sikuwahi kuonyeshwa. Ile ya `sin(x)/x` nimeichora, kweli inakata. Ila kwa kidato cha tatu mimi bado ningewaambia haikatwi, wataelezwa zaidi wakifika mbele.

Baba Tausi
Dogo anachora upya. Kaongeza x = 0.5, y ikawa 24, karatasi haitoshi. Atumie skeli gani?

Nyakato B
Sentimita 1 kwa kila 2, mihimili yote miwili ilingane. Hapo 24 inakaa penye sentimita 12, na upande wa pili aweke x = 24, y = 0.5, ambayo ni milimita 2 na nusu juu ya mhimili. Inaonekana bado. Mishale midogo kwenye ncha zote mbili kuonyesha mkunjo unaendelea.

Akimaliza akunje karatasi kwenye mstari wa y = x, aishike kwenye mwanga wa dirisha. Nusu moja ya mkunjo itakaa juu ya nyingine kama skeli zimelingana na kachora vizuri. Ikipishana, mara nyingi kosa liko kwenye ule mkia wa juu, kati ya 0.5 na 1, kwa hiyo aongeze nukta ya x = 0.75, y = 16.